Hisa zetu 800, kura zake 2,000

Kwenye ukumbi mmoja pale Mwanga, hapa Kigoma, mikono 31 ilinyooka na mmoja ukabaki chini. Tulishaanza kupongezana. Yule ambaye hakunyoosha, mwanzilishi wa kampuni, alingoja kelele zipungue, kisha akamwambia katibu kwa upole kabisa: "Naomba kura zihesabiwe kwa hisa." Dakika kumi baadaye tulikuwa tumeshindwa kwa kura 2,000 dhidi ya 610.

Ni kampuni ndogo ya kukusanya mawese vijijini, kuyachuja na kuyasafirisha. Jina lake silitaji. Ni kampuni binafsi, na kwa sheria yetu kampuni ya namna hiyo haizidi wanahisa 50. Sisi tuko 38. Hisa ni 1,000, kila moja tuliinunua kwa shilingi 50,000. Mwanzilishi ana 200, zinaitwa daraja B, na kila moja ina kura 10. Sisi 37 tuna 800 za daraja A, kura moja moja. Gawio ni sawa kwa hisa zote. Mimi nilinunua 20, milioni moja nzima iliyotoka kwenye duka langu la vipuri, na nilipoambiwa "gawio ni sawa" sikuuliza kingine.

Sasa piga hesabu ambayo sikuipiga siku ile. Kura zake ni 200 mara 10, yaani 2,000. Zetu zote, hata tukihudhuria hadi wagonjwa, ni 800. Ametoa asilimia 20 ya mtaji na ana zaidi ya asilimia 71 ya kura. Kuchagua wakurugenzi, kupitisha hesabu, kuteua mkaguzi, vyote hivyo vinahitaji wingi wa kawaida tu, yaani zaidi ya nusu ya kura. Anavipitisha peke yake akiwa amekaa.

Mtindo huu haukuanzia Kigoma. Google ilipoingia sokoni mwaka 2004 waanzilishi walibaki na hisa za kura 10 na umma ukauziwa za kura moja. Mark Zuckerberg anaiongoza Meta kwa njia hiyohiyo. Kampuni ya Snap mwaka 2017 iliuzia umma hisa zisizo na kura hata moja, na watu wakazinunua. Sababu wanayoitoa waanzilishi si ya kipuuzi: anayejenga kitu cha miaka kumi hataki kufukuzwa na watu wanaotaka faida ya mwaka huu. Kwa kweli huyu wetu miaka minne ya kwanza aliendesha vizuri, na kama tungekuwa na kura sawa nadhani tungemsumbua bure.

Shida ilianzia kwenye Fuso.

Mwaka wa tano nilikuta kwenye hesabu mstari wa "kukodi magari", milioni 54. Hiyo ni milioni nne na nusu kila mwezi kwa Fuso moja. Shemeji yangu anakodisha lori kama lile kwa milioni tatu na nusu, na dereva juu. Kuulizia kidogo, Fuso ni ya mwanzilishi mwenyewe. Wakurugenzi walijua, alishawatamkia kama sheria inavyomtaka, na wakurugenzi ni yeye aliyewachagua.

Hapa ndipo kura na mtaji vinapoachana, kwa hiyo nisome polepole. Kila mwezi kampuni inamlipa milioni moja ya ziada. Kama mwenye Fuso anaipata yote. Kama mwanahisa anapoteza sehemu yake ya faida iliyopungua, asilimia 20, yaani laki mbili. Anabaki na laki nane safi, na laki nane hizo ni zetu. Na kadiri anavyouza hisa zake, ndivyo mchezo unavyomlipa zaidi. Katiba ya kampuni ilikuwa inasema hisa ya B ikiuzwa inageuka A. Hivyo angeweza kuuza 109 na kubaki na 91: kura zake 910, zetu 909. Bado bosi, kwa asilimia 9 tu ya mtaji, na hasara ya Fuso inamgusa kwa shilingi 91,000 tu katika kila milioni.

Ndiyo sababu siku ile tulipendekeza mkataba wowote kati ya kampuni na mkurugenzi upitie kwanza mkutano wa wanahisa. Hapo ndipo mikono 31 iliponyooka. Kura ya mikono ni kichwa kimoja kura moja, lakini inadumu mpaka mwenye nguvu adai hesabu ya hisa.

Lakini huo haukuwa msiba wenyewe. Ajenda iliyofuata ilikuwa yake: kufuta kile kipengele cha hisa za B kugeuka A zikiuzwa au zikirithiwa. Yaani hata akifa, watoto wake wataendelea na kura 10 kwa hisa. Kubadili katiba ya kampuni kunahitaji azimio maalumu, robo tatu ya kura zilizopigwa. Rudia hayo maneno: zilizopigwa, si zote zilizopo. Kati ya kura 2,800 yeye peke yake hafikishi robo tatu. Ila ukumbini tulikuwa na 610. Elfu mbili katika 2,610 ni asilimia 76 na ushee. Ikapita.

Tungekuwa na kura 667 za kupinga, ingekwama. Tulipungukiwa 57. Dada mmoja wa Kasulu ana hisa 60, na siku hiyo alikuwa kwenye harusi.

Tulimfuata wakili tukidhani daraja letu lilipaswa kupiga kura peke yake kwanza. Akatuuliza: "Hisa yako ilikuwa na kura ngapi jana? Na leo?" Moja, na moja. Haki iliyoandikwa kwenye hisa yetu haijaguswa, kilichopungua ni uzito wake, na huo ni vigumu kuutetea. Njia ya kushtaki kwa kuonewa kama wachache ipo, ila gharama aliyotutajia ingekula gawio letu la miaka mitatu.

Kwa hiyo ukiletewa hisa za namna hii, usianze na gawio. Lipia upekuzi BRELA, pata nakala ya katiba ya kampuni, ile wanayoiita MEMART, utafute mambo mawili: hisa za kura nyingi zinakoma lini, na kipengele hicho kinalindwa na nani. Chetu kilikuwa kizuri. Kosa ni kwamba hakikusema kitabadilishwa kwa idhini ya daraja A pekee. Sentensi moja hiyo ingetutosha. Kama haimo na mwanzilishi hataki kuiweka, bei ishuke, maana unanunua gawio bila usukani.

Na kama umeshaingia kama mimi, jua namba yenu ya kukwamisha. Gawa kura za mwanzilishi kwa tatu, kisha chukua namba nzima inayozidi jibu hilo: yetu ni 667. Notisi ya azimio maalumu ni siku 21, zinatosha kuzunguka na fomu za wakala, zinazomruhusu mtu mwingine akupigie kura. Wakala kwa kawaida hahesabiwi kwenye kura ya mikono, ila kura zikihesabiwa kwa hisa anahesabiwa. Fomu ifike ofisini saa 48 kabla ya mkutano, la sivyo wataikataa.

Sasa kuna fununu kwamba anataka B ziwe za kura 20. Dada wa Kasulu ameshasaini fomu yake. Ninayo dukani, kwenye droo ya fani belti, nangoja tarehe tu niijaze.