Ukimwomba rafiki akufikishie wasifu kazini kwake, mwachie njia ya kukataa

Jumapili moja jioni nilimpigia simu rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Alikuwa na miezi miwili tu kwenye kampuni moja kubwa hapa Dar es Salaam, na kampuni hiyo ilikuwa imetangaza nafasi ya uhasibu. Baada ya salamu nikamwambia, "Kaka, naomba unipelekee wasifu wangu kwa mtu wa rasilimali watu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Poa, nitumie." Nikatuma usiku uleule. Jumatano nikamuuliza, akajibu, "Bado, ngoja nione." Jumatatu iliyofuata nikamuuliza tena, akajibu, "Usijali, nalifanyia kazi." Nilipouliza mara ya nne hakujibu, na tangu hapo hakujibu hata salamu za Idi.

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba ananibania. Ukweli ni kwamba alishaniambia hapana mara tatu, mimi ndiye sikusikia. Kwetu mtu hamwambii "hapana" rafiki aliyekula naye sahani moja. Anasema "ngoja nione", anasema "tuombe Mungu", anasema "nitumie tu". Maneno hayo huwa ni ya kumsitiri anayeomba na anayeombwa. Siku hizi najua kuyatofautisha na kukubali kwa kweli: aliyekubali hukurudishia swali. Anataka kujua ni nafasi ipi, mwisho wa maombi ni lini, na ampe nani. Asiyeuliza lolote bado hajakubali, hata kama amesema "poa".

Simu nayo ilimponza. Mtu akikuomba kwa sauti inabidi umjibu palepale, na jibu la papo kwa papo kwa rafiki haliwezi kuwa jingine ila ndiyo. Ujumbe wa sauti hauna tofauti kubwa, kwa sababu anasikia pumzi yako na shida yako. Kumshika pembeni kwenye harusi ndiyo mbaya kuliko zote. Ombi la namna hii liandike, ulitume kwake peke yake, alisome akiwa ametulia.

Kitu ambacho sikukifikiria wakati ule ni sababu alizonazo mtu za kukataa ambazo hawezi kuzitaja. Huenda yuko kwenye kipindi cha majaribio na hata nafasi yake mwenyewe haijathibitishwa. Huenda ameshapeleka wasifu wa mdogo wake kwa nafasi hiyohiyo. Huenda haelewani na mkuu wa idara, na jina lako likipitia kwake litakuharibia. Huenda anajua nafasi imeshapata mtu wa ndani. Na huenda ana wasiwasi na utendaji wako, jambo ambalo ana haki ya kubaki nalo. Ukimuuliza "kwani kuna tatizo gani?" unamlazimisha achague kati ya kukuambia siri ya ofisi na kukudanganya.

Mara ya pili ilikuwa kampuni ya bima, nafasi ya mhasibu msaidizi, mwisho wa maombi tarehe 21. Pale ninamfahamu dada mmoja tuliyesoma naye, yuko idara tofauti kabisa na ya fedha. Kabla sijamwandikia nilituma maombi yangu mwenyewe, kwa barua pepe iliyokuwa kwenye tangazo, Jumamosi tarehe 12. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayompunguzia rafiki uzito. Kama hujaomba, maombi yako yote yako mikononi mwake, na akikataa amekufungia mlango. Kama umeshaomba, akikataa hakuna ulichopoteza, na yeye analijua hilo.

Jumatatu tarehe 14, saa mbili usiku, nikamwandikia hivi:

"Dada, habari za siku? Natumaini watoto hawajambo. Nimeona kazini kwenu wametangaza nafasi ya mhasibu msaidizi, mwisho tarehe 21. Nimeshatuma maombi Jumamosi kwa barua pepe ya kwenye tangazo, kwa hiyo upande huo umekamilika. Nauliza kama ungekuwa na wepesi wa kumfikishia wasifu wangu mtu anayehusika, ili ajue tu kwamba nimeomba. Sikuombi unisemee wala unidhamini, maana hatujawahi kufanya kazi pamoja. Najua kila ofisi ina taratibu zake na huenda kwa sasa haifai. Ikiwa hivyo, huna haja ya kunijibu hili wala kunieleza sababu. Nisipokusikia hadi Ijumaa nitaelewa kwamba haikuwezekana, na sitakuuliza tena. Wasalimie nyumbani."

Sikuambatisha wasifu, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Faili likishaingia kwenye simu ya mtu linakuwa mzigo: kila akifungua mazungumzo yenu analiona, na asipolipeleka anajiona ana deni. Subiri aseme "nitumie" baada ya kuuliza swali lake.

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ile ya "huna haja ya kunijibu hili". Kwa desturi yetu, kukaa kimya ukiandikiwa na rafiki ni kumdharau, ndiyo maana watu wanajibu "nitaangalia" hata wakijua hawataangalia. Ukimwambia mapema kwamba ukimya ni jibu linalokubalika, umemwondolea lawama. Anaweza kukataa bila kuandika neno hata moja, na salamu zenu zikaendelea. Hata hivyo, sentensi hiyo inafanya kazi pale tu unapoiheshimu. Ukiandika kwamba hutauliza tena, kisha Jumamosi ukatuma "dada, vipi lile jambo?", umeharibu zaidi ya yule ambaye hakuahidi kitu. Usiulize hata kwa njia ya mzunguko, kwa mfano kumtumia tangazo lilelile kana kwamba umeliona upya.

Alama mbili za bluu zilitokea baada ya dakika kumi, kisha kimya. Jumanne kimya. Nilitamani sana kuongeza neno, hata "pole na kazi" tu, lakini nikaiweka simu chini. Jumatano mchana akaandika: "Ni ile ya idara ya fedha au ya idara ya madai? Maana zipo mbili." Hapo nikajua amekubali.

Nikamtumia vitu viwili. Cha kwanza ni wasifu, faili moja la PDF lenye jina langu na jina la nafasi. Faili linaloitwa wasifu_mpya_3.pdf likishashushwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine halipatikani tena. Cha pili ni maneno machache ambayo angeweza kuyanakili na kuyatuma bila kubadilisha kitu. Yalisema jina langu, kwamba nimeomba nafasi ya mhasibu msaidizi idara ya fedha na maombi yalitumwa tarehe 12, kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikilinganisha taarifa za benki na daftari la fedha kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, akaunti tano za shilingi na dola, na mwisho namba yangu ya simu.

Maneno hayo niliyaandika kwa sauti yangu: "Naitwa fulani, nimeomba." Nimeona watu wakimwandalia rafiki maneno ya kutuma yanayoanza na "Huyu ni rafiki yangu, ni mchapakazi na mwaminifu." Hapo umemtungia ushahidi mtu ambaye hajawahi kukuona kazini, na ukija kuvurunda ataulizwa yeye. Kama ana neno lake ataliongeza mwenyewe. Dada yule aliongeza sentensi moja, akaninakilia: "Nilisoma naye chuo, sijafanya naye kazi, nafikisha tu." Nilifurahi sana kuiona, kwa sababu amesema anachokijua na hakuna wa kumlaumu baadaye.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwandikia kaka mwingine kwenye kampuni tofauti, ujumbe wa aina hiyohiyo. Yeye hakujibu. Ijumaa ikapita. Baada ya wiki mbili akanitumia kipande cha video cha mechi ya Simba na Yanga, tukabishana kuhusu ile penalti hadi usiku. Sikugusa habari ya kazi na yeye hakuigusa. Mpaka leo sijui kwa nini haikuwezekana, na sihitaji kujua.

Ni vizuri pia ujue njia hii inakupa nini hasa. Barua pepe ya tangazo hujaa viambatisho, na kinachotokea ni kwamba mtu mmoja anafungua cha kwako akijua ni cha nani. Basi. Sikuruka mchujo wowote. Niliitwa kwenye mtihani wa kuandika pamoja na wengine, kisha usaili, na nafasi akapata mtu mwingine. Siku niliyopata majibu nilimwandikia dada yule mistari miwili, kumwambia matokeo na kumshukuru, ili asisikie kwa watu wa korido. Miezi minne baadaye ndiye aliyeanza kuniandikia: "Kuna nafasi nyingine itatangazwa, chungulia tovuti yetu."

Kuna mahali ambapo ombi hili halifai hata liandikwe kwa upole gani. Kwa Tanzania, ajira nyingi za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanatumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Rafiki aliyeko wizarani hana cha kukufikishia pale. Ukimwomba, unamfanya aonekane anatafuta mlango wa nyuma. Vilevile usimwombe atakayekaa kwenye jopo la usaili au atakayekuwa bosi wako. Huyo italazimu atangaze kwamba mnafahamiana au afiche, na vyote viwili vitamgharimu. Na usiliandike jina la rafiki kwenye sehemu ya wadhamini kwa sababu tu amekubali kufikisha wasifu. Hilo ni ombi lingine, nalo lina ujumbe wake.

Kama umeshamsukuma mtu kama nilivyofanya mimi, bado unaweza kumwondolea mzigo huo. Baada ya miezi minane nilimwandikia yule rafiki wa chumba kimoja: "Kaka, lile la wasifu lilishapita. Nilikubana vibaya, nisamehe. Huna deni lolote kwangu." Sikumuuliza kitu, na sikuongeza ombi jipya.

Akajibu ndani ya robo saa. Alikuwa kwenye majaribio, na wiki ileile niliyompigia alikuwa amepewa onyo la maandishi. "Niliona aibu kukwambia," aliandika. Jumamosi akaniita kwake, mkewe akatupikia ndizi nyama, tukakaa barazani mpaka saa nne usiku.