Saa za ujumbe katika kundi la wazazi

"Nafundisha darasa la tatu hapa Dodoma. Wazazi wanatuma ujumbe kundini hadi usiku wa manane. Niwaandikieje?"

Habari za kazi, Mwalimu. Kwanza hakikisha kuwa wewe ni msimamizi wa kundi, kwa kuwa WhatsApp humwezesha msimamizi kulifunga ili wasimamizi pekee waandike. Mimi niliwaandikia wangu hivi: "Ndugu wazazi na walezi, kundi litakuwa wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, kwa masuala ya darasa zima tu. Mtoto akiugua, nipigieni simu wakati wowote." Asubuhi niliiacha makusudi, kwani nikiwa darasani siwezi kujibu. Kufunga hufanywa kwa mkono kila jioni. Nilisahau mara mbili, na matangazo ya vitenge yakarudi usiku uleule.