Kijerumani: lini "lernen" inakuwa "Lernen", na "gut" inakuwa "das Gute"?

*"Wakuu naombeni msaada, najiandaa na mtihani wa B1. Najua nomino zote za Kijerumani zinaanza na herufi kubwa, hilo halina shida. Shida ni vitenzi na vivumishi, leo naona lernen kesho naona Lernen, mara gut, mara das Gute, mara etwas Gutes. Mwalimu kanirudishia hii aya imejaa wino mwekundu na hakuandika sababu:*

*Das gute an meinem Kurs ist, dass wir viel Sprechen. Beim lesen verstehe ich fast alles, aber ich habe keine Zeit zum üben. Ich versuche jeden Tag etwas neues zu Lernen. Am Schönsten ist das Schreiben.*

*Nitajuaje lini kubwa lini ndogo?"*

Mkuu, usiitafute sababu kwenye maana ya neno maana hutaipata huko. Itafute kwenye nafasi ya neno ndani ya sentensi. Neno lilelile, maana ileile, linabadilika kutokana na kilichokaa kushoto kwake. Sisi tunateleza hapa kwa sababu kwetu "kusoma" ni kusoma tu, ukisema "nataka kusoma" au "kusoma kwake kunanifurahisha" neno halibadiliki sura, kazi yote inafanywa na "kwake" na "ku-" zinazofuata. Mjerumani anataka uonyeshe tofauti kwenye herufi ya kwanza.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Ujerumani na kila mwisho wa zamu lazima niandike ripoti, kwa hiyo hili jambo nakutana nalo kila siku ya kazi. Ninachofanya ni hivi: nikifika kwenye kitenzi au kivumishi chenye mashaka naangalia kushoto kwanza, kuna kitu kinachokaaga mbele ya nomino? Yaani artikeli (das, ein, dem), neno la umiliki (mein, sein, ihr), kihusishi kilichomeza artikeli (beim, zum, vom, im, am, ins), au etwas, nichts, viel, wenig, alles. Kikiwepo naangalia na kulia, je kuna nomino nyingine inafuata ambayo hicho kitu ni chake? Kama haipo, basi neno langu ndo nomino yenyewe, herufi kubwa. Kama ipo, neno langu linabaki dogo. Ndo maana unaandika das Gute lakini das gute Essen, hapo pili das ni ya Essen na gute imepita tu katikati.

Tuichukue aya yako sasa. "Das gute an meinem Kurs": kushoto kuna das, kulia kuna an meinem Kurs ambayo inaanza na kihusishi, kwa hiyo Kurs tayari ina artikeli yake (meinem) na haihusiani na ile das. Das haina mwenyewe mwingine zaidi ya gute, basi Das Gute. "Beim lesen" ni bei dem, dem imejificha humo ndani, basi Beim Lesen. "Zum üben" ni zu dem, basi zum Üben (umlauti inabaki hata kwenye herufi kubwa, usiiache).

"Wir viel Sprechen" naona umedanganywa na viel. Ni kweli viel ni ishara, viel Neues, viel Gutes, ila hapa mtendaji yupo, ni wir, na Sprechen ndo kitenzi chake kilichotupwa mwisho kwa sababu ya dass. Toa dass uone, wir sprechen viel. Kitenzi kilichonyambuliwa kwa mtu hakiwi nomino hata siku moja. Kinachochanganya ni kwamba umbo la wir na la sie wengi linafanana kabisa na umbo la kamusi, kwa hiyo macho yanaona infinitivu wakati siyo. Ukiwa na wasiwasi badilisha mtendaji, weka ich: dass ich viel spreche. Limebadilika? Basi ni kitenzi, herufi ndogo.

Mtego huohuo uko kwenye das yenyewe na hapa wengi wanaanguka. Das Lernen ist schwer, hapo das ni artikeli. Das lernen wir morgen, hapo das inamaanisha "hilo", tunajifunza hilo kesho, lernen ni kitenzi cha wir na inabaki ndogo. Kwa hiyo kuona das peke yake haitoshi, soma mpaka mwisho wa sentensi umtafute mtendaji.

Halafu "zu Lernen". Zu na zum zinaonekana ndugu ila kwenye hili zimeachana kabisa. Zu tupu mbele ya kitenzi ni ya kitenzi, haina artikeli ndani, kwa hiyo zu lernen ndogo. Zum ina dem ndani, kwa hiyo zum Lernen kubwa. Kwa vitenzi vinavyokatika utaona vizuri zaidi, nakupa mfano wa kazini: mzee mmoja anajaribu kuinuka kitandani peke yake, naandika Bewohnerin versucht, alleine aufzustehen, ile zu imeingia katikati ya kitenzi na neno lote ni dogo. Sentensi inayofuata naandika Beim Aufstehen klagt sie über Schwindel, wakati wa kuinuka analalamika kizunguzungu, hapo kitenzi kimeungana, hakuna zu katikati, na A ni kubwa. Na kama kitenzi kina kitu chake kinachotendwa, vikigeuka nomino mara nyingi vinaunganishwa neno moja, sich die Hände waschen inakuwa beim Händewaschen.

Hizi nomino zinazotoka kwenye vitenzi ni rahisi kwa upande mwingine, zote ni das bila ubaguzi, kwa hiyo hapo hakuna cha kukariri. Kwenye umiliki inaongezwa s, des Lernens, basi.

Kwenye vitenzi kuna sehemu moja tu ambayo una uhuru, pale infinitivu inaposimama uchi bila ishara yoyote. Die Kinder lernen schwimmen na die Kinder lernen Schwimmen zote ni sahihi kwa sababu haijulikani kama ni kitenzi au nomino na kanuni zenyewe zinakubali zote. Usipoteze usingizi hapo.

Sasa vivumishi, hapa ndo pana kazi kwa sababu kivumishi kikiwa nomino kinapata herufi kubwa lakini tabia zake za kivumishi hakiachi, mwisho wa neno unaendelea kubadilika kama kawaida. Chukua neno ambalo naliandika sana kwenye ripoti, Angehörige, ndugu wa mgonjwa. Mwanaume ukimtaja kwa artikeli ya uhakika ni der Angehörige, ukisema "ndugu mmoja" ni ein Angehöriger, mwanamke ni eine Angehörige, wengi ni die Angehörigen, na wengi bila artikeli ni Angehörige. Ni uleule mtindo wa der alte Mann, ein alter Mann, isipokuwa Mann ametolewa. Ukikwama, rudishia Mann au Frau kichwani, tafuta mwisho sahihi wa kivumishi, halafu mfute tena. Inafanya kazi kwa der Kranke, der Deutsche, der Angestellte, der Bekannte, yote hayo.

Kwa vitu visivyo mtu tunatumia das: das Gute, das Neue, das Wichtigste. Na hapa ndo ilipo etwas neues yako. Etwas na nichts hazibadiliki, hazibebi alama yoyote ya jinsia, kwa hiyo kivumishi lazima kiibebe chenyewe, ile -es ya das: etwas Neues, nichts Gutes, na baada ya mit inakuwa mit etwas Neuem. Alles yenyewe tayari ina -es mwishoni, kwa hiyo kivumishi kinapumzika na -e tu: alles Gute. Ukiona mtu kaandika Alles Gutes kwenye kadi ya birthday ujue kachanganya hizi mbili. Mimi nikimaliza zamu tulivu naandika nichts Auffälliges, hakuna kilichojitokeza, N ndogo na A kubwa (kama siyo mwanzo wa sentensi).

Imebaki "Am Schönsten", na hii ni ya kuangalia kwa makini kwa sababu am ni an dem, kwa kanuni niliyokupa ilitakiwa iwe kubwa. Lakini am ...sten ni umbo la kulinganisha, schön, schöner, am schönsten, linajibu swali "vipi?" na linaandikwa dogo. Jaribu kuuliza: Wie ist das Schreiben? Am schönsten. Swali limekubali, basi ndogo. Linganisha na Es fehlt am Nötigsten, kunakosekana hata vile vya lazima kabisa, hapo huwezi kuuliza wie, unauliza woran, na herufi inakuwa kubwa. Na am mbele ya kitenzi ni kubwa daima, watu huku wanasema sana Ich bin gerade am Kochen wakimaanisha ndo wanapika saa hizi, K kubwa (kwenye mtihani andika tu ich koche gerade, hiyo ya am ni ya mdomoni zaidi).

Ndogo nyingine ni pale nomino ipo karibu ila haijarudiwa. Die roten Äpfel schmecken besser als die grünen, hapa grünen ina die kushoto na kulia hakuna kitu, ila Äpfel bado inaelea, ni matofaa ya kijani, kwa hiyo ndogo. Na maneno viel, wenig, ein na ander kwa kawaida yanabaki madogo hata yakiwa na artikeli, der eine, die anderen, etwas anderes. Hiyo etwas anderes inawauma wengi kwa sababu imekaa jirani na etwas Neues.

Aya yako ikinyooka inasomeka hivi: *Das Gute an meinem Kurs ist, dass wir viel sprechen. Beim Lesen verstehe ich fast alles, aber ich habe keine Zeit zum Üben. Ich versuche jeden Tag etwas Neues zu lernen. Am schönsten ist das Schreiben.* Hiyo ya mwisho, das Schreiben, uliipata mwenyewe.

Kitu kingine, programu ya kusahihisha kwenye simu usiitegemee sana kwa hili, lesen na Lesen zote ni maneno halali kwa hiyo mara nyingi inakaa kimya. Na kama unasomea vitabu vya zamani vya mitumba angalia mwaka wa kuchapwa. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1996 waliandika im allgemeinen na im folgenden kwa herufi ndogo, leo ni im Allgemeinen, im Folgenden. Na 2006 kanuni zikapitiwa tena, ndo maana von neuem na von Neuem, seit langem na seit Langem, utaziona zote na zote zinakubalika. Chagua moja uishike, kwenye barua moja usichanganye.