Imeili yako imeshatumika? Usifungue nyingine!

*"Habari wakuu. Najisajili kwenye mfumo wa kuombea kazi, nikiweka imeili yangu inakataa, inaandika 'Email already in use'. Sikumbuki kabisa kujisajili huko. Naona bora nifungue imeili nyingine niendelee maana dirisha linafungwa Ijumaa. Niko Nachingwea."*

Wewe, weka simu chini kwanza. Hiyo imeili nyingine usiifungue. Kama umeshaifungua, iache hapo hapo, usiisajilie chochote. Mimi nilikuwa na haraka kama yako, nikaambiwa "haina shida, fungua nyingine tu", na nafasi ikanipita huku vyeti vyote ninavyo mkononi.

Ujumbe huo unasema kitu kimoja tu: imeili hiyo imo tayari kwenye mfumo, na imeili moja haipewi akaunti mbili. Kama unakumbuka au hukumbuki, mfumo haujali. Na huku kwetu Kusini wengi hatukumbuki kwa sababu hatukujisajili, tulisajiliwa. Unaingia steshenari, unampa dogo vyeti na namba ya NIDA, anakuuliza imeili, anagonga gonga, unalipa, unaondoka. Paswedi katunga yeye. Namba ya simu pengine kaweka yake, ili msimbo uingie kwake asipate kazi ya kukuuliza.

Mimi nilisajiliwa Masasi, karibu na stendi, nilipotoka chuo. Nilikwenda kutoa kopi tu! Dogo akaniambia kuna mfumo, ngoja nikuingize kabisa, nikasema sawa, akili yangu iko kwenye basi. Basi ikaishia hapo, nikasahau.

Miaka ikapita, nimeshahamia Mtwara mjini, tangazo likatoka la kada yangu. Naweka imeili, inakataa. Nikaenda kwa jamaa mmoja pale Chikongola anayejiita mtaalamu wa mifumo. Hakuniuliza hata kama niliwahi kusajiliwa. Akanifungulia imeili mpya, akanifungulia akaunti mpya, akachukua hela yake. Na akaunti ikakubali kweli: jina likaingia, picha ikaingia, elimu, wadhamini, kila kitu. Nikamwona jamaa mjanja sana.

Nilipofika kwenye namba ya NIDA ndipo ikatoka nyekundu: hii nayo imeshatumika.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Mifumo ya namna hii haikutambui kwa imeili. Imeili ni mlango wa kuingilia tu. Mtu anatambulika kwa namba ya NIDA, zile tarakimu 20 zinazoanza na tarehe yako ya kuzaliwa, na mara nyingi na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Imeili utafungua hata kumi, NIDA unayo moja. Dogo wa Masasi alishaiweka kwenye akaunti ya kwanza, kwa hiyo ile ya pili ikawa kibanda kisicho na mlango wa nyuma: nimo ndani, nimepanga vitu vizuri, ila kutuma maombi siwezi.

Yule mtaalamu akanishauri eti nibadilishe tarakimu moja. Yaani nigushi kitambulisho mbele ya mfumo unaolinganisha namba na jina! Nilikataa, ila hela yangu sikurudishiwa.

Nikaandikia dawati la msaada. Wakaniuliza maswali ya haki kabisa: akaunti ya kwanza ilisajiliwa kwa namba gani ya simu, na kati ya hizi mbili ifutwe ipi? Namba ya simu siijui, nitaijuaje? Tukaandikiana, nikatuma nakala ya kitambulisho, na jibu la kwamba akaunti ya pili imefutwa likaja dirisha limeshafungwa. Cheka tu, mke wangu ameshakutangulia.

Na wala sikuhitaji haya yote. Kwenye ukurasa ule ule unaokukatalia, chini ya sehemu ya kuingia, kuna "Forgot password". Weka imeili ile ile inayokataliwa, bonyeza mara moja, usubiri. Nasema mara moja kwa sababu ukibonyeza mara tatu zitakuja linki tatu, na kwa kawaida inayofanya kazi ni ya mwisho tu. Utafungua ya kwanza, utaambiwa muda wake umekwisha, utadhani mfumo mbovu. Angalia na kwenye Spam.

Isipokuja kabisa, akaunti inaweza kuwa ilifunguliwa ila haikuwahi kuthibitishwa. Hapo tafuta kitufe cha kutuma tena linki ya uthibitisho, kwa kawaida kimeandikwa "Resend". Na kama mfumo wenyewe una kitufe cha kuingia kwa Google, pengine ndicho kilichotumika na paswedi haikuwahi kuwepo. Fungua `myaccount.google.com/connections` uone kama jina la mfumo huo limo kwenye orodha. Likiwemo, ingia kwa kitufe hicho hicho.

Unataka uhakika kwamba ni wewe? Nenda Jimeili, kwenye kisanduku cha kutafutia, andika:

```
in:anywhere (welcome OR verify OR activate OR registration)
```

Hilo `in:anywhere` linapekua mpaka Spam na pipa la taka, ambako utafutaji wa kawaida haugusi. Ila vitu vya huko hufutwa baada ya siku 30, kwa hiyo ujumbe wa zamani utaupata kama haukuwahi kutupwa. Ukiupata, angalia tarehe. Mimi tarehe ilinionyesha wiki ile niliyokuwa Masasi na mabegi, nikamkumbuka dogo hapo hapo.

Nilimtafuta. Steshenari ameshaacha, siku hizi yuko ghalani anapima korosho. Akatoa kauntabuku lake, majina yetu yamepangwa humo kama daftari la mahudhurio, na paswedi ni moja kwa wateja wote: jina la duka na 123. Wote! Na namba ya simu, kama nilivyohofia, ilikuwa yake. Nilimwangalia, nikakosa la kusema, ikabidi ninunue karanga.

Kwa hiyo kama linki inakuja kwenye imeili yako, wewe una bahati, huhitaji kumsaka mtu. Ikiwa msimbo unakwenda kwenye simu usiyoijua, mpigie aliyewahi kukusaidia kujaza fomu yoyote, umuulize laini gani aliweka. Piga leo, usingoje Alhamisi jioni ambapo mfumo wenyewe unakuwa mzito.

Ukishaingia, fungua wasifu kabla ya kugusa kingine. Ukikuta jina si lako, kuna mtu alikosea herufi akaweka imeili yako. Usijaze humo, waandikie msaada waitoe imeili yako kwake. Ukikuta ni wewe, badilisha paswedi na namba ya simu kwanza, halafu kagua kila alichojaza dogo. Mimi aliniandika mwanamke.

Ikigoma, leta skrinshoti hapa tuone, ila ziba namba ya NIDA.