Mbao Mpya, Merikebu Ileile?

Merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kiyunani, mbao zake zote zikishabadilishwa, bado ni ileile?

Ndiyo. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kutoa ubao uliooza na kutia mzima. Mwanafalsafa Plato naye anaeleza kuwa merikebu iliyotumwa kisiwani Delos kila mwaka ilisemekana kuwa hiyohiyo, na mpaka irudi mji haukuruhusiwa kumuua mtu. Ndiyo maana mwaka 399 KK mwanafalsafa Sokrate, aliyehukumiwa kifo, alikaa gerezani siku nyingi akingoja kunywa sumu. Katika masimulizi hayo hakuna anayedai kwamba mwiko umevunjika kwa kuwa mbao ni mpya.

Na mtu akiziokota mbao kuukuu, akaziunga upya?

Swali hili aliliuliza mwanafalsafa Mwingereza Hobbes mwaka 1655. Sasa zipo merikebu mbili, na kitu kimoja hakiwezi kuwa viwili. Mimi naichagua ile iliyoendelea kusafiri, kwa sababu haikuacha kuwa chombo hata siku moja, ilhali zile mbao zilikuwa rundo tu. Lakini msiridhike upesi. Kama mafundi wangeifumua yote, wakaihifadhi ghalani na kuiunda tena bila kutia mbao mpya, sote tungesema ni ileile. Mbao ni zilezile na kazi ya kuziunga ni ileile. Kilichobadilika ni kuwapo kwa mshindani. Hapo ndipo fumbo linapouma: inakuwaje mimi niwe mimi, au nisiwe, kwa sababu ya kitu kilicho nje yangu?

Chembe zote za mwili hubadilika kila miaka saba. Deni la miaka 10 iliyopita bado ni langu?

Ni lako, lipa. Habari hii ya miaka saba naletewa kila mara, na si kweli. Chembe nyekundu za damu huishi miezi minne hivi, lakini chembe nyingi za neva kwenye gamba la ubongo unazaliwa nazo na kufa nazo. Na hata zingebadilika zote, someni jibu la kwanza.

Mama amesahau hata jina langu. Bado ni yeye?

Bado ni yeye, ndugu yangu. Mwanafalsafa Locke alidai mtu hufika pale kumbukumbu yake inapofika. Mwaka 1785 mwanafalsafa mwingine, Thomas Reid, akamjibu kwa mfano: mtoto anachapwa kwa kuiba matunda, ukubwani ni afisa anayeteka bendera ya adui, uzeeni ni jenerali. Afisa anakumbuka viboko. Jenerali anakumbuka bendera, viboko amevisahau. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye afisa, afisa ndiye mtoto, lakini jenerali siye mtoto. Haiwezekani. Kinachowaunganisha ni siku inayoshikana na siku inayofuata, kama ubao mpya unavyopigiliwa kando ya wa zamani. Mama yako wa leo ameshikana na wa jana, na huyo na wa juzi, hadi yule aliyekupa jina. Jihadhari na ndugu wanaosema "huyu si mama tena" huku wakiulizia hati ya shamba lake.