Tahadhari ya Google iliyofika kwenye barua pepe: ya kweli au ya tapeli?

Ukianza kazi ya kusaidia watu na kompyuta ofisini, hutakaa muda kabla mtu hajakuletea simu yake na kuuliza, "Hebu niangalizie, hii imetoka Google kweli?" Kwenye kioo kuna barua yenye kichwa "Security alert", nembo ya rangi nne, na kitufe cha buluu kilichoandikwa "Check activity". Wengi huanza kutafuta makosa ya tahajia. Usianzie huko. Tapeli wa leo hunakili barua halisi herufi kwa herufi, na barua yake huwa safi kama ya Google yenyewe.

Jambo la kushika kabla ya mengine ni kwamba barua haithibitishwi na barua. Inathibitishwa na akaunti. Mwambie mwenye simu aiache ile barua bila kubofya chochote, afungue kivinjari, aandike kwa mkono `myaccount.google.com`, kisha aingie sehemu ya Security na kutafuta "Recent security activity". Hapo pameorodheshwa matukio ya usalama ya hivi karibuni: simu mpya iliyoingia, nenosiri lililobadilishwa, namba ya simu iliyoongezwa. Kama barua inasema kuna mtu ameingia leo saa nne asubuhi na orodha haina tukio hilo, barua haina kazi. Kama tukio lipo, unalishughulikia hapo hapo, na barua bado huihitaji. Angalizo moja tu: hakikisha umefungua akaunti iliyotajwa kwenye barua. Mtu mwenye akaunti tatu kwenye simu moja hukagua ya pili, asione kitu, akaondoka ametulia huku ya kwanza ikiwa wazi.

Meta wamerahisisha zaidi. Kwenye Facebook na Instagram, nenda Accounts Center, kisha "Password and security", kisha "Recent emails". Utaona barua zenyewe walizokutumia siku za karibuni. Instagram huonyesha za siku 14 zilizopita. Barua ya usalama ya jana isiyokuwemo humo hawakuituma wao.

Hata hivyo utatakiwa kuisoma barua yenyewe, maana si kila mara mwenye akaunti yuko karibu nawe, na mara nyingine unaamua kama watumishi wote waonywe. Anza na mtumaji. Jina linaloonekana kubwa juu, "Google" au "Timu ya Usalama", huandikwa na mtumaji apendavyo na halithibitishi lolote. Gusa mshale mdogo ulio karibu na "to me". Kwenye simu utaona "View details". Tahadhari za Google hutoka `no-reply@accounts.google.com`. Ukiwa kwenye kompyuta utaona pia mistari miwili ambayo watu huipita: "mailed-by", yaani seva iliyoisafirisha barua, na "signed-by", yaani domeini iliyotia saini ya kidijitali. Kwa tahadhari halisi ya Google, yote miwili huelekeza kwa Google.

Ukitaka kuchimba zaidi, bofya nukta tatu, chagua "Show original", utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kujua barua imetoka domeini gani, na neno PASS au FAIL mbele ya kila kimoja; DKIM ndiyo ile saini ya kidijitali. Hapa wanaoanza hukosea sana. PASS haisemi kwamba barua ni salama. Inasema tu kwamba barua imetoka kwa domeini inayojitaja. Tapeli aliyenunua domeini yake na kuipanga vizuri atapata PASS zote tatu, kwa domeini yake. Kwa hiyo usisome PASS bila kusoma jina lililo pembeni yake.

Kiungo nacho kina namna yake ya kusomwa. Kwenye kompyuta weka kishale juu ya kitufe bila kubofya, anwani itatokea chini ya kivinjari. Kwenye simu bonyeza kwa muda mrefu. Kisha ruka `https://`, nenda hadi mkwaju wa kwanza, na uanze kusoma kutoka hapo kurudi kushoto. Tazama hizi tatu:

```
https://accounts.google.com/AccountChooser
https://accounts.google.com.kagua.example/ingia
https://accounts.google.com@kagua.example/ingia
```

Ya kwanza ni ya Google, kwa sababu kabla ya mkwaju kuna `google.com`. Ya pili ni ya mwenye `kagua.example`. Maneno yote yaliyotangulia ameyabandika mwenyewe, na hakuna wa kumzuia. Ya tatu ni ya huyo huyo: kilicho kabla ya alama ya `@` kivinjari hukichukua kama jina la mtumiaji, si tovuti. Kwa anwani za kwetu zenye `.co.tz` au `.co.ke`, hesabu vipande vitatu kutoka kulia badala ya viwili, la sivyo utaishia kusoma `co.tz` na kudhani umemjua mwenye tovuti. Kufuli linaloonekana kwenye kivinjari usilihesabu kabisa. Linaonyesha mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti za matapeli nazo zina kufuli.

Sasa kuna kisa kinachovunja karibu kanuni zote hizi isipokuwa ile ya kwanza, na ndiyo sababu nimeitanguliza. Aprili 2025, mtaalamu wa programu Nick Johnson alieleza hadharani barua aliyoipokea. Ilidai kwamba Google imepokea amri ya kisheria ya kutoa yaliyomo kwenye akaunti yake. Mtumaji alikuwa anwani ya Google. Saini ya DKIM ilikuwa ya `accounts.google.com`, na ilikuwa halali. Gmail haikutoa onyo lolote, ikaipanga pamoja na tahadhari zake nyingine za kweli.

Tapeli hakuvunja saini, aliitumia. Alisajili domeini yake, akafungua akaunti ya Google kwa anwani inayoanza na `me@`. Kisha akatengeneza programu ya kuunganishwa na Google, na pale panapotakiwa jina la programu akaandika ujumbe mzima wa utapeli, ukifuatwa na nafasi tupu ndefu. Akaipa programu hiyo ruhusa kwenye akaunti yake mwenyewe. Google, kama kawaida yake, ikamtumia tahadhari kwamba programu fulani imepewa ruhusa, na jina la programu likaingia ndani ya barua kama lilivyo. Barua ilikuwa ya Google kweli, imetiwa saini na Google kweli, ila maneno yalikuwa ya tapeli. Kilichobaki kilikuwa kuisambaza. DKIM husaini maudhui na baadhi ya vichwa vya barua, haisaini njia inayopitia, kwa hiyo barua ikisambazwa bila kubadilishwa saini hubaki halali. Na kwa kuwa anwani ya mpokeaji wa kwanza ilianza na `me@`, Gmail iliandika "to me" pale juu, kama ambavyo huandika kwa barua iliyotumwa kwako.

Kiungo kilikwenda `sites.google.com`. Ukisoma kwa kanuni ya mkwaju, ni Google. Lakini Sites ni huduma ambayo yeyote mwenye akaunti hutengeneza ukurasa wake, na ukurasa huo ulifananishwa na wa msaada wa Google, ukiwa na vitufe vya kupakia nyaraka na kutazama kesi. Ukibofya, unapelekwa kwenye nakala ya ukurasa wa kuingia, nayo ikiwa `sites.google.com`. Kuingia kwenye akaunti ya Google hufanyika `accounts.google.com`, basi. Ndiyo maana ukikuta ukurasa unaoomba nenosiri, soma jina zima, usiridhike na mwisho wake.

Alama zilikuwepo kwa aliyejua pa kutazama. "Mailed-by" ilionyesha seva ya `privateemail.com`, si Google. "To", ikifunguliwa, ilikuwa anwani ya mtu mwingine. Chini kabisa, baada ya ile nafasi tupu, palibaki sentensi ya Google inayosema programu imepewa ruhusa, sentensi isiyolingana na habari za amri ya kisheria. Lakini nani hushuka hadi huko akiwa ameshaambiwa ana kesi? Aliyefungua akaunti yake na kutazama matukio hakuona chochote, kwa sababu tukio lilikuwa kwenye akaunti ya tapeli. Kwanza Google walilijibu suala hilo kuwa mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa, baadaye wakakubali kulirekebisha.

Upande wa pili kuna tahadhari za kweli zinazofanana na utapeli, na kuzipuuza kuna gharama. Mtu yuko Mwanza, barua inasema kuna aliyeingia kutoka Dar es Salaam. Mara nyingi ni yeye mwenyewe: mahali hukadiriwa kwa anwani ya intaneti, na kampuni za simu huweza kupitisha wateja wa mikoa mingi kwenye vituo vichache. Amini zaidi saa na aina ya kifaa kuliko mji. Barua nyingine huwashtua watu kwa kutaja akaunti isiyo yao. Mara nyingi aliyefungua akaunti hiyo aliweka anwani ya ndugu yake iwe ya kurejeshea, na Google humpelekea nakala.

Kuwa macho pia na barua halisi iliyochochewa na tapeli. Mtu akiandika anwani yako na kubofya kwamba amesahau nenosiri, jukwaa linakutumia msimbo wa kweli, kutoka anwani ya kweli. Dakika hiyo hiyo simu inaita: "Habari ndugu, tumeona jaribio la kuingia, nisomee namba uliyotumiwa tulizuie." Ukichunguza barua utaikuta safi, nawe unaweza kumhakikishia mwenzako kwamba ni halali, ukawa umemsaidia tapeli. Jibu sahihi ni: barua ni ya kweli, na msimbo haumsomei mtu.

Kama nenosiri limeshaandikwa kwenye ukurasa wa bandia, fanya haya kwa mpangilio. Ingia `myaccount.google.com` kutoka kifaa kingine unachokiamini, badilisha nenosiri, kisha fungua "Your devices" uondoe vifaa usivyovitambua. Kagua namba ya simu na barua pepe za kurejeshea, maana mwizi huongeza za kwake. Halafu fungua Gmail kwenye kompyuta, kwenye mipangilio tazama "Forwarding and POP/IMAP" na "Filters and Blocked Addresses". Hapo ndipo huachwa kanuni ya kunakili kila barua kwenda kwingine, au ya kufuta tahadhari za Google kabla hujaziona, na kubadilisha nenosiri hakuigusi kanuni hiyo. Malizia na `myaccount.google.com/connections` na kuondoa kila programu ambayo mwenye akaunti hawezi kueleza aliiunganisha kwa kazi gani.