Saa 4,000 za YouTube: nawajibu wa wiki hii

Nimefikisha wafuasi 1,000, mbona sioni hela?

Kwa sababu saa bado. Wafuasi ni nusu ya sharti. Nusu ya pili ni video zako kutazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12, au Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Swali hili nimelijibu mno. Jamani, fungueni YouTube Studio, mguse Earn, msome kabla ya kuniandikia.

Mwezi uliopita nilikuwa na saa 3,900, leo 3,400. Wananiibia?

Hakuna anayekuibia. Hesabu ni ya siku 365 zilizopita, na inasogea: kila siku mpya ikiingia, siku moja ya mwaka jana inatoka. Kwenye grafu uliyonitumia, video yako ya pilau ilivuma mwaka jana majira haya haya, na siku mbili tu zilikuletea karibu saa 500. Siku hizo zimeshatoka. Sasa hivi unaingiza saa 6 kwa siku, wakati saa 4,000 kwa mwaka ni takriban saa 11 kila siku. Hapo ndipo penye tatizo lako. Mtu akikutazama dakika 4 kwa wastani, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka. Tena nakusihi, usifute ile video ya pilau wala usiifiche, maana saa zake zilizobaki zitaondoka nayo.

Shorts zangu zinatazamwa sana, kwa nini saa haziongezeki?

Shorts zinazotazamwa kwenye mlisho wake haziingii kwenye zile saa 4,000. Zina hesabu yake.

Kuna jamaa anauza wafuasi 1,000 na saa 4,000 kwa pamoja. Ninunue?

Usinunue! Saa za kununua si halali, zikigundulika zinafutwa, na chaneli yenyewe inaweza kufungwa. Halafu wengi hamjui kwamba kufikisha namba kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Baada ya hapo chaneli inakaguliwa: mada yake kuu, video zinazotazamwa zaidi, mpya kabisa, vichwa na maelezo yake. Wanaopandisha vipande vya mechi na filamu za watu wanakwama hapa, hata kama saa zao ni za kweli. Ukikataliwa mara ya kwanza, unasubiri siku 30 ndipo uombe tena. Ukikataliwa tena, siku 90.

Nimekubaliwa, nina dola 62. Zinaingia lini?

Zikifika 100. Lakini kuna kizingiti kingine kabla ya hapo: ukifika dola 10, Google wanakutumia PIN kwa barua ya posta, na bila kuiingiza kwenye AdSense, akaunti yao ya kukulipia, hulipwi. Hakikisha anwani uliyoandika ni ya sanduku la posta ambalo wewe mwenyewe una ufunguo wake. Kama uliandika la shule uliyomaliza zamani, libadilishe leo.